Naltreksoni: Kwa Nini Kidonge cha Kwanza Husubiri

Bwera, wilayani Kasese, ni mji wa mpakani. Ukivuka Mpondwe uko Kongo. Ukigeuka nyuma unaiona milima ya Rwenzori. Kama kwingi Uganda magharibi, hapa ndizi hukamuliwa zikawa tonto, na pombe ikichemshwa ikakusanywa mvuke wake, inakuwa waragi. Anayetaka kuachana na waragi anaweza kuandikiwa naltreksoni, kidonge cha miligramu 50 kinachomezwa mara moja kwa siku. Lakini kabla ya kukiandika, mganga makini huuliza kwanza: wiki hizi mbili umetumia dawa gani ya maumivu?

Swali hilo linatokana na jinsi dawa yenyewe inavyofanya kazi. Ubongoni kuna vipokezi viitwavyo miu. Heroini, mofini, kodeini, tramadoli na methadoni zote hushika hapo, na endofini zinazotengenezwa na mwili wenyewe hushika hapo pia. Naltreksoni huvishika vipokezi hivyo kwa nguvu, ila haiviamshi. Ni kama abiria aliyekaa kitini na hataki kushuka: kiti kimejaa, na mwingine hapati nafasi.

Pombe haishiki vipokezi hivyo moja kwa moja. Huufanya ubongo umwage endofini, na endofini hufungua njia ya dopamini, ile raha inayomfanya mtu aagize glasi ya pili. Naltreksoni ikiwepo, raha hiyo hupungua na hamu hupoa. Haimtapishi mnywaji kama disulfiramu ifanyavyo, wala haizuii ulevi: aliyekunywa bado atapepesuka. Faida yake ni ya kiasi. Tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha kwamba kwa takriban watu 11 wanaotibiwa, mmoja zaidi huepuka kurudia unywaji wa kupindukia.

Sasa tubuni mgonjwa. Ni dereva wa bodaboda wa Bwera anayekunywa waragi kila jioni. Miezi mitatu iliyopita aliumia bega, na tangu hapo humeza tramadoli kila siku. Kliniki alieleza habari za waragi tu, kwa kuwa tramadoli kwake ni dawa, si ulevi. Akapewa naltreksoni, akaimeza asubuhi. Haijapita saa moja akaanza kupiga miayo, kutoka jasho na kusimama vinyweleo; kisha tumbo likamkata, akatapika na kuharisha.

Hiyo ni arosto. Angeacha tramadoli mwenyewe, ingemjia taratibu kadiri dawa inavyotoka mwilini. Naltreksoni imeing'oa tramadoli kwenye vipokezi kwa mpigo mmoja, na hali hiyo inaweza kudumu hadi saa 48. Kumeza tramadoli zaidi hakumwokoi, na ni hatari. Anahitaji uangalizi, maji ya kutosha au dripu, dawa ya kuzuia kutapika, na mara nyingine klonidini.

Kwa hiyo aliyetumia tramadoli, kodeini au heroini husubiri siku 7 hadi 10 bila kuzigusa. Methadoni na buprenofini hukaa mwilini zaidi, na kungoja kunaweza kufika wiki mbili. Kipimo cha mkojo pekee hakitoshi, maana vijiti vingi hutafuta mofini na haviioni tramadoli. Shaka ikibaki, mgonjwa huchomwa kwanza naloksoni kidogo, miligramu 0.8 chini ya ngozi, kisha huangaliwa kwa dakika 20. Naloksoni huisha haraka, hivyo ikiamsha arosto, itakuwa ya muda mfupi. Akibaki mtulivu, huanza na nusu kidonge, na nusu ya pili hufuata baada ya saa moja.

Siku hizo za kungoja ndizo wanazoshindwa wengi wanaotaka naltreksoni iwasaidie kuacha heroini. Tiba ya methadoni haihitaji kungoja kwa namna hiyo, na Hospitali ya Butabika, Kampala, ina kliniki inayoitoa tangu 2020.

Mnywaji asiyetumia heroini, tramadoli wala dawa za jamii yao anaweza kuanza naltreksoni hata kabla ya kuacha pombe kabisa. Lakini anayeamka akitetemeka mpaka azimue, ahudumiwe kwanza kwa diazepamu na vitamini B1, kwani naltreksoni haizuii degedege la kuacha pombe ghafla. Ini nalo lipimwe; mwenye homa kali ya ini au ini lililoshindwa kazi hapewi.

Hatari nyingine iko mwishoni mwa tiba. Aliyezoea heroini, akikaa miezi kadhaa na naltreksoni, mwili wake husahau ule uvumilivu wa zamani. Akiacha vidonge na kurudia kipimo alichokizoea, kipimo hicho hicho kinaweza kumzuia kupumua na kumuua. Onyo hilo apewe yeye na wanaoishi naye siku ile ile anayopewa kidonge cha kwanza.