Je, Wajua? Kutoka Mkasi Hadi Mgongo

Je, wajua kwamba kuruka juu kwa mgongo kulizaliwa na mkasi, tena alasiri moja tu? Mwaka 1963, huko Oregon, Marekani, mwanafunzi wa sekondari Dick Fosbury aliruka mkasi huku akizidi kulalia nyuma kila ufito ulipopandishwa. Aliingia uwanjani na mita 1.63, akatoka na 1.78! Mwaka 1968, Mexico, akabeba dhahabu ya Olimpiki kwa 2.24.

Mwanafunzi wa Misungwi, Tanzania, naye hupitishwa njia hiyohiyo. Mkasi kwanza, hatua tatu hadi tano za kukimbia: mguu wa karibu na ufito unatangulia, wa pili unafuata, naye anatua kwa miguu. Mchanga laini unamtosha.

Ila sikiza, shimo la mchanga si la mgongo! Kwa mtindo huu unatua kwa mabega, na shingo haina spea. Shule isiyo na magodoro mazito ibaki na mkasi, wala isione haya: Stefan Holm wa Sweden, bingwa wa Olimpiki 2004, aliwahi kuvuka mita 2.10 kwa mkasi.

Haya, wajua siri ya mgongo iko kwenye kona? Mwanafunzi anaruka mkasi uleule, ila sasa anakimbia moja kwa moja, kisha hatua nne au tano za mwisho anazipinda kama herufi J. Mwili unalalia ndani ya kona, mbali na ufito. Anaponyanyuka anasimama wima, na kona yenyewe inamzungusha. Hana haja ya kujitupa!

Mwalimu akitaka kujua nani kadanganya, anainama kutazama vumbi. Nyayo mbili za mwisho zikinyooka kuelekea ufito, kona imekufa, na makalio yatagonga ufito angali anapanda. Dawa yake ni kuchora kona kwa chokaa na kumrudisha kwenye mkasi kidogo.

Mgongo wenyewe unaanzwa umesimama. Unaupa ufito kisogo, unaruka kwa miguu miwili, unainua kiuno, unaangukia godoro. Badala ya ufito, funga mpira wa tyubu ya baiskeli, hofu inapungua papo hapo. (Kwenye mashindano ni mguu mmoja tu, usije ukasahau.)

Na hili utalikataa: mrukaji aliyejikunja vizuri mgongoni anaweza kupita juu ya ufito, huku kitovu cha uzito wake kikipita chini ya ufito huo!

Mathew Sawe wa Kenya alivuka 2.30 kule Asaba, Nigeria, mwaka 2018, akawa bingwa wa Afrika. Rekodi ya dunia ni ya Javier Sotomayor wa Kuba, mita 2.45, tangu 1993. Sasa nenda kwenye goli la mpira la shule yako, simama chini ya mtambaa panya, utazame juu. Kipimo chake rasmi ni mita 2.44.