Gauni la Dola 12.74

Wanangu, mwaka 1927 Zora Neale Hurston alitoka New York, alikokuwa akifundishwa anthropolojia na Franz Boas, akarudi kwao Florida kukusanya hadithi za watu weusi. Alikulia Eatonville, mji wa watu weusi ambao baba yake aliwahi kuwa meya. Lakini alipowauliza watu kuhusu hadithi, aliwauliza kwa lafudhi ya chuoni. Walimtazama, wakamwambia labda zipo kaunti ya jirani. Safari ile haikumpa kitu cha maana.

Safari nyingine ilimfikisha kwenye kambi ya wapasua mbao, Kaunti ya Polk. Walimpokea kwa adabu, ila hawakufunguka. Baadaye mmoja akamweleza: gari lako linalong'aa limetufanya tukudhanie mpelelezi. Hata gauni lake la dola 12.74 lilijitenga na magauni ya wenzake ya dola 1.98. Zora akadai kwamba yeye ni muuza pombe ya magendo anayewakimbia polisi. Kisha akaimba nao, na hadithi zikaanza kutoka. Mambo ya kambini ameyasimulia mwenyewe katika kitabu chake cha 1935, Mules and Men.

Sasa hebu tumwandikie sehemu ya mbinu za utafiti. Wanafunzi wengi wangeandika: "Mtafiti ni mwenyeji, hivyo alipata taarifa kwa urahisi." Kambini sentensi hiyo ingekuwa uongo. Mimi ningependa aandike hivi:

"Mimi ni mweusi na nimekulia Florida, lakini kambini nilikuwa mgeni mwenye gari na elimu ya chuo. Siku za mwanzo nilidhaniwa mpelelezi, kwa hiyo ukimya wa siku hizo sikuuhesabu kuwa dalili kwamba hadithi hazipo. Niliwadanganya kuhusu kazi yangu. Hadithi nilizopata baadaye zilisimuliwa mbele ya mtu waliyemdhania mtoro, na zisomwe hivyo."

Sentensi ya kwanza inataja nafasi ya mtafiti: yeye ni nani mbele ya watu hawa, mahali hapa. Zinazofuata ndizo kujitafakari, kwa sababu zinaonyesha nafasi hiyo ilivyogusa data na alichofanya kuhusu jambo hilo. Ukitaka kupima aya yako, ifute. Kama hakuna uamuzi wowote wa utafiti unaobaki bila maelezo, basi uliandika wasifu wako tu.

Na kuukiri tu uongo ule hakutoshi. Leo kamati ya maadili ingemtaka arudi kwa wasimulizi, awaambie ukweli na kuomba ridhaa yao kabla ya kuchapisha.

Eatonville ni pagumu zaidi, maana huko wanamjua tangu utotoni. Mwenyeji hushindwa kuuliza yale anayodhani ameshayajua, na msimulizi huyaruka akijua mwenzake anayafahamu. Ndiyo maana kila jioni, kabla kumbukumbu haijafifia, inafaa aandike katika daftari: leo nani alisita aliponiona, na ni swali gani sikuuliza kwa sababu mimi ni mtoto wa hapa?