Pilipili ya unga: maji yanajificha wapi mbele ya kufunga sashe?

Safari hii tunapenda kuzungumza juu ya pilipili ya kusaga, ile tunauzisha katika sashe ndogo za gramu 50. Mwisho wa mwezi wa tisa, koperative moja ya upande wa Kalehe, juu ya Ziwa Kivu, ilituita. Walikuwa wametengeneza sashe 270. Kisha majuma matatu, wenye maduka walirudisha zaidi ya nusu. Unga ulikuwa umeshikana madonge, rangi imegeuka kama udongo, na ndani ya sashe zingine kuvu nyeupe ilianza kuonekana. Wamama wa koperative waliamini kama kosa iko kwa sashe, kwamba waliuziwa zenye kutoboka. Tulizijaza maji na kuzifinya. Hata moja haikuvuja.

Tukaomba daftari lao. Njo fasi tuliona shida. Walikuwa wameandika: pilipili mbichi, bila vikonyo, kilo 45. Pilipili kavu, kilo 14. Walifurahi kupata uzito mzuri vile.

Tuhesabu pamoja. Pilipili yao, ile nyekundu ndefu ya nyama nene, ikiwa mbichi, robo tatu ya uzito wake ni maji. Katika kilo 45, kitu kikavu chenyewe kinabaki kilo 11 na kidogo tu. Pilipili ya kusaga inapaswa kubaki na maji kama sehemu 10 kwa 100, hapana zaidi. Basi kilo 45 zilipaswa kutoa kilo 12 na nusu hivi. Wao walipata 14. Ile kilo moja na nusu walifurahia ilikuwa maji, na ndani ya mfuko uliofungwa maji hayo hayana fasi ya kutokea. Kwa hesabu hiyo, pilipili yao ilikuwa na maji karibu sehemu 20 kwa 100. Hapo kuvu inaota bila shida.

Lakini juu ya nini hawakuona? Juu pilipili inadanganya. Ngozi yake ni ya kulainika na kung'aa, haipitishi maji mbio. Inakauka kwa inje, inakunjamana, na ukiishika unasema iko tayari. Ndani, kwenye ule utando mweupe unaoshika mbegu, bado iko mbichi. Ukisaga, ule ubichi unachanganyika na ngozi kavu, na unga unaonekana mukavu kabisa kwa siku ya kwanza. Tena wao walikausha siku nne tu, juu ya shitingi iliyotandikwa chini. Shitingi haipitishi hewa, na upande wa chini wa pilipili unabaki na jasho.

Tulianza upya na kilo 20. Pilipili ilioshwa, ikatolewa vikonyo, ikapasuliwa katikati kwa urefu. Kazi hiyo inaunguza mikono, vaa glavu, ao pakaa mafuta mbele ya kuanza. Tuliitandika juu ya meza ya mianzi yenye wavu, urefu wa kiuno, pilipili moja moja bila kupandana. Kila jioni iliingizwa nyumbani mbele ya umande, na kila jioni ilipimwa kwa balansi ileile. Uzito ukianguka, maji bado yanatoka. Ukikaa palepale siku mbili, yamesimama kutoka.

Hapa tuangalie vizuri. Katika kiangazi, mwezi wa sita hadi wa nane, uzito kusimama maana yake pilipili imekauka. Wakati wa mvua inaweza kusimama juu hewa yenyewe imejaa maji na haiwezi kupokea mengine. Balansi haisemi tofauti. Kwa hiyo tunaongeza jaribio la bokali. Chukua pilipili iliyokwisha kupoa, jaza nusu ya bokali ya kioo, funga kifuniko nguvu, weka kwenye jua saa mbili. Ukiona matone ao ukungu kwa ndani ya kioo, rudisha pilipili kwenye meza. Kioo kikibaki safi, vunja vipande kumi: vyote vinapaswa kuvunjika na sauti. Kimoja kikipinda tu, bado. Na isijaribiwe ikiwa moto kutoka kwenye jua. Inapokuwa moto inakuwa laini na utashindwa kuijua.

Kilo zetu 20 zilitoa kilo 5 na nusu. Musichukue namba hii kama sheria. Ile pilipili ndogo kali iko na maji machache kuliko hii, na kila koperative itafute namba yake kwa kukausha kilo moja vizuri katika kiangazi na kuandika kilichobaki.

Kosa la pili lilikuwa kwa mashini. Walisaga jioni, wakafunga sashe palepale, unga ukiwa bado na moto. Moto wa mashini unatoa mvuke, na mvuke ukipoa ndani ya sashe unageuka matone madogo. Tena moto unafukuza harufu. Saga kidogo kidogo, acha mashini ipumzike, kisha unga upoe katika beseni iliyofunikwa na kitambaa safi mbele ya kufunga.

Ile harufu njo mteja analipia, na haifanane na ukali. Ukali wa pilipili unadumu sana. Harufu ni kitu chepesi kinachoruka. Ndiyo maana pilipili ya zamani inaunguza mdomo lakini mchuzi hauna ladha. Rangi nayo inaliwa na mwangaza na hewa. Sashe nyembamba za nailoni, kama zile za karanga, zinazuia maji vizuri kiasi lakini harufu inapita. Jaribuni: weka sashe tano zilizofungwa ndani ya ndoo yenye kifuniko usiku mzima. Asubuhi fungua, unuse. Kama ndoo inanukia pilipili, basi harufu inatoka, na harufu ya sabuni ya dukani nayo itaingia. Tunashauri sashe nzito zaidi, na zote ndani ya katoni, mbali na jua, sabuni na petroli. Wengine wanachanganya chumvi ili kuongeza uzito. Sisi hatupendi: chumvi inavuta maji ya hewa, na kila mara sashe inafunguliwa unga unaloa.

Unga wenye kuvu usianikwe tena na kuuzwa. Kuvu zingine zinaacha sumu inayoitwa aflatoksini, ambayo jua na kupika haviiondoi. Wenzetu wa Kalehe walizika zile sashe zote, na ilikuwa hasara ya kweli.

Kuhusu muda, hatukubahatisha. Tulifungia sashe sita kando, kwenye rafu ya duka kama zingine, na kila mwezi tukafungua moja. Miezi mitatu harufu ilikuwa nzuri. Mwezi wa nne ilipungua, wa tano rangi ilianza kufifia. Wameandika miezi mitatu, kuhesabu kutoka siku ya kusaga. Na sasa wanaweka pilipili kavu nzima katika ndoo zenye kufunga, juu isiyosagwa inashika harufu muda mrefu zaidi, na wanasaga kiasi cha komande ya juma tu.