Neno Linapotoka Ndani ya Wimbo

Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali Tanzania amefundishwa hesabu, sayansi na maarifa ya jamii kwa Kiswahili. Akiingia kidato cha kwanza, masomo karibu yote yanageuka Kiingereza kwa mkupuo mmoja. Maneno anayoyahitaji ni mengi na muda ni mfupi, kwa hiyo walimu wengi wa Kiingereza hujaribu kila njia, na siku moja mmoja wetu huingia darasani na spika ndogo mkononi.

Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nilichukua wimbo uliokuwa ukivuma redioni. Darasa lilichangamka, wakaimba mpaka wa darasa la jirani wakachungulia dirishani. Kesho yake niliandika ubaoni maneno sita kutoka kwenye wimbo huohuo, nikauliza maana. Hakuna aliyejua hata moja, na wawili hawakuamini kwamba maneno yale yalikuwemo. Walikuwa wameimba sauti tu. Tangu siku hiyo nachagua wimbo kwa masikio ya mwanafunzi wangu, si kwa sifa zake mtaani.

Wimbo una faida mbili ambazo mwalimu hawezi kuzitengeneza kirahisi kwa mdomo wake. Mtafiti Tim Murphey alichambua nyimbo za pop za Kiingereza na kuchapisha matokeo yake mwaka 1992. Aliona kwamba maneno ndani yake ni rahisi, hurudiwarudiwa sana, na hutamkwa kwa mwendo wa takriban nusu ya mazungumzo ya kawaida. Faida ya pili ni kumbukumbu. Mwaka 2014 Karen Ludke na wenzake walichapisha jaribio walilolifanya Edinburgh kwa watu wazima 60 waliofundishwa vifungu vya Kihungari, lugha wasiyoijua kabisa. Kundi moja lilirudia vifungu kwa kusema, la pili kwa kusema kwa mapigo, la tatu kwa kuimba. Baada ya dakika 15 tu za kujifunza, waimbaji ndio waliofanya vizuri zaidi walipotakiwa kuvitamka vifungu vile wenyewe.

Lakini ukisoma jaribio hilo kwa makini utaona kilichopimwa ni kukumbuka na kutamka kifungu. Kulijua neno ni zaidi ya hapo. Wimbo unalitia neno sikioni. Kulitoa humo na kulipeleka kwenye sentensi ya mwanafunzi mwenyewe ni kazi nyingine, na ndiyo inayorukwa mara nyingi.

Tuanze na kuchagua. Kipimo changu ni karatasi na kalamu. Nausikiliza wimbo nisioujua vizuri mara mbili bila kusoma mashairi yake, naandika ninachokisikia, halafu nalinganisha na maandishi halisi. Kama mimi mwalimu nimekosa zaidi ya neno moja katika kila kumi, wimbo huo naurudisha. Ngoma inayomeza sauti ni hatari zaidi kwenye madarasa yetu ya kuta za saruji na paa la bati, kwa sababu mwangwi hula mwisho wa maneno, na mwisho wa neno ndipo Kiingereza kinapoficha wingi na wakati.

Kisha nahesabu maneno mageni. Marcella Hu na Paul Nation walionyesha mwaka 2000 kwamba msomaji wa hadithi huhitaji kujua maneno takriban 98 katika kila 100 ndipo aielewe vizuri bila msaada. Darasani msaada upo, kwa hiyo navumilia mageni matano katika kila mia. Yakizidi, wanafunzi huacha kusikiliza maneno na kubaki na muziki.

Wimbo uliokaa nami muda mrefu ni wa Dolly Parton, “Coat of Many Colors”, uliotoka mwaka 1971. Muziki wa kantri una wapenzi wengi Afrika Mashariki, hasa Kenya, na sababu mojawapo ni hiyo ninayoitafuta mimi: mwimbaji yuko mbele, gitaa liko nyuma, na wimbo unasimulia kisa chenye mwanzo na mwisho. Hiki ni cha utoto wa Parton mwenyewe huko Tennessee, katika familia ya watoto 12. Mama anapewa boksi la matambara, anamshonea binti yake koti la vipande vya rangi mbalimbali, na huku akishona anamhadithia habari za Yusufu na vazi lake. Binti analivaa kwa furaha kwenda shule, wenzake wanamcheka. Sijapata darasa ambalo halikumjua Yusufu. Wakristo wanamjua kwa Biblia, Waislamu kwa Kurani, na wote wanajua maana ya kuchekwa kwa nguo yenye kiraka.

Kipindi ni dakika 40 na maneno ni manane, si zaidi: “coat”, “box”, “rags”, “sew”, “piece”, “patch”, “hole” na “laugh”. Nakuja na mfuko wenye matambara, sindano na uzi, na kipande cha khanga kuukuu chenye tundu. Dakika kumi za kwanza hakuna muziki. Nasimulia kisa kwa Kiingereza chepesi huku nikishika vitu, natia kiraka kwenye khanga mbele yao, na kila neno linapotajwa wanaona kitu au kitendo. “Coat” na “box” hazinigharimu kitu, maana koti na boksi tumezichukua kutoka hukohuko. Nazitumia kuwaonyesha kwamba tayari wana Kiingereza mfukoni, tofauti ikiwa ni irabu tunayoipachika mwishoni.

Ndipo nacheza wimbo mara ya kwanza, madaftari yakiwa yamefungwa. Swali ni moja tu: watoto wa shule walifanya nini walipoliona koti? Spika naiweka juu ya dawati katikati ya chumba. Ukiiweka mbele pembeni, safu za nyuma husikia besi na mwangwi. Mara ya pili wanakuwa na mashairi yenye mapengo manane, yaliyoandikwa kwenye karatasi ya manila na kubandikwa ukutani, kwani kutoa nakala kwa wanafunzi 70 ni ndoto. Pengo moja kwa kila mistari miwili au mitatu linatosha. Mapengo yakisogeleana, mkono hauwahi, na mwanafunzi aliyelisikia neno vizuri anakosa kwa sababu alikuwa bado anaandika lililopita.

Makosa yao ndiyo yanayonifundisha. Mwaka mmoja karibu nusu ya darasa waliandika “rugs” badala ya “rags”. Mama yule akawa ameshona koti la mazulia. Hawakuwa wazembe: Kiswahili kina irabu tano, na “a” yetu moja inabeba sauti mbili au tatu za Kiingereza. Sikio haliwezi kutenganisha kile ambacho halijawahi kuambiwa ni vitu viwili, na kuurudia wimbo mara kumi hakusaidii. Hapo nasimamisha muziki, natamka maneno yote mawili kwa zamu na kuwaambia watazame mdomo: kwa “rags” kidevu kinashuka zaidi. Wanainua mkono wa kulia kwa moja na wa kushoto kwa jingine. Dakika tatu zinatosha, kisha tunarudi kwenye wimbo.

“Sew” nalo lina mtego wake. Mwanafunzi akilisoma kabla ya kulisikia hulitamka kama “syu”, na akishalizoea hivyo hatalitambua likiimbwa, kwa kuwa linasikika sawasawa na “so” wanayoijua tangu darasa la tatu. Kwa hiyo neno hili wanalisikia kwanza, maandishi yanafuata.

Kwa upande wa “patch”, mapigo ndiyo mwalimu. Wengi husema “pachi”, silabi mbili, kwa kuwa maneno yetu hayapendi kuishia na konsonanti. Katika kuongea hilo hupita bila kuonekana. Katika mapigo, “pachi” inadai pigo la ziada, na anayeitamka hivyo anajikuta nyuma ya wenzake. Sihitaji kumsahihisha. Nawapigia meza mapigo polepole, tunalitamka neno hilo kwa pigo moja mara mbili, na irabu inadondoka yenyewe.

Kuna maneno nayapita kwa makusudi. Wimbo una neno la kishamba la suruali, “britches”, ambalo hawatalikuta kwenye kitabu cha kidato cha kwanza. Nawatajia maana na kuendelea. “Fall” siwezi kulipita kimya, kwa sababu wanalijua kama kuanguka, na hapa ni majira ya baridi inayoanza kuingia, majani yanapopukutika. Neno geni humfanya mwanafunzi aulize. Neno analodhani analijua humpeleka pabaya bila yeye kushtuka, na ndiyo maana naandaa orodha fupi ya maneno ya aina hiyo kabla ya kuingia darasani.

Siku ya tatu ndipo ninapojua kama nimefundisha. Naandika maneno manane bila mpangilio wa wimbo, spika ikiwa ofisini, nauliza moja moja. Natazama midomo. Wapo wanaonyamaza huku midomo ikitikisika: wanauimba moyoni tangu mwanzo mpaka walifikie neno. Huyo hajalipata bado. Neno lake limefungwa kwenye mstari, na kwenye mtihani wa jiografia hatakuwa na nafasi ya kuimba. Kumpigia wimbo tena kunazidisha tatizo, maana kunalikaza fundo lilelile. Anachohitaji ni kulikuta neno mahali pasipo na koti. Nauliza kwa Kiingereza: kitu gani hapa shuleni kina “hole”? Wanataja jino, wavu wa goli, ndoo ya maji, barabara. Nauliza nani nyumbani kwao anajua “sew”, na kwa nini watu wana-“laugh” mchezaji akikosa penalti. Kila mmoja anaandika sentensi tatu ambazo haziwezi kuwa za Dolly Parton.

Hesabu ya marudio iko hapo pia. Ndani ya wimbo, “coat” na “rags” hurudi tena na tena, na hayo yanashika karibu bila jasho. “Box” na “laugh” hupita haraka. Kwa hiyo ni mimi ninayetakiwa kuyarudisha wiki ile na inayofuata, kwenye imla, kwenye maswali ya salamu, kwenye ufahamu. Nyimbo zinanitosha mbili kwa muhula. Zikizidi, kazi hii ya baadaye inakosa muda.

Umeme ukikatika au mvua ikipiga bati, naimba mwenyewe. Sauti yangu si nzuri, ila mwendo naupunguza nipendavyo, na naweza kusimama katikati ya neno.

Katika darasa lile la “rugs” alikuwepo kijana mmoja wa safu ya nyuma ambaye jioni humsaidia kaka yake kuziba pancha za baiskeli. Siku ya tatu nilipoandika “patch”, midomo yake haikutikisika. Alisimama, akaniambia kwa Kiingereza cha kukatakata kwamba kwenye tairi ya ndani, kabla ya “patch”, lazima kwanza upake gundi uiache ikauke kidogo, halafu ubane kwa nguvu. Alilitamka kwa silabi moja. Mwenzake wa pembeni akamuuliza gundi inaitwaje kwa Kiingereza, na kijana akanigeukia mimi.