Fahamu: P2, kutapika na dawa za TB

Tuchukue mfano. Mwanamke wa Mwingi alijamiiana bila kinga Jumamosi saa nne usiku. Jumatatu saa mbili asubuhi yuko kwenye duka la dawa: saa 34 zimepita. Bado hajachelewa, kwani P2 inafaa ndani ya saa 72, ingawa nguvu yake hupungua kadiri saa zinavyosonga. Kazi yake ni kuchelewesha yai kutoka. Haitoi mimba iliyokwisha kutunga, hata watu waseme nini.

Pakiti ikiwa na vidonge viwili vya miligramu 0.75, ameze vyote kwa pamoja. Akitapika kabla ya saa mbili kupita, arudie dozi nzima. Akitapika baadaye, dawa imeshaingia mwilini.

Muuzaji asipouliza kuhusu dawa nyingine, mteja aseme mwenyewe. Rifampisini ya kutibu kifua kikuu hulifanya ini livunje P2 haraka mno, na hali hiyo huendelea kwa takriban wiki nne baada ya kumaliza matibabu. Kabamazepini na fenitoini za kifafa hufanya vivyo hivyo, pamoja na efavirenzi ya HIV. Dolutegraviri haina shida hiyo. Anayetumia mojawapo ya dawa zinazofanya P2 ivunjwe haraka hupewa dozi maradufu, miligramu 3. Afadhali zaidi ni koili ya shaba, ikiwekwa ndani ya siku tano. Ulizia hospitali ya kaunti, Kitui au Wote.

Hedhi ikichelewa zaidi ya wiki moja, pima mimba.