Taa za Chaja Zinasema Nini

Kabla ya kununua chaja ya drili ya betri, soma namba ya modeli. Volti pekee hazitoshi. Makita DC18RC huchaji betri za LXT za volti 14.4 na 18. Betri ya BL1815G nayo ni ya volti 18, lakini ni ya jamii nyingine na huhitaji chaja DC18WA.

Kwenye DC18RC, taa nyekundu ikitulia, betri inachaji. Kijani ikitulia, imejaa. Nyekundu ikimwekamweka, usiitupe betri! Imepata joto kazini, au ina baridi mno, na chaja inasubiri. Iache hapohapo, itaanza kuchaji yenyewe. Nyekundu na kijani zikimwekamweka kwa kupokezana, hapo ndipo betri ni mbovu.

Chaja za kamera zina lugha yake: soma kijitabu chake kwanza.