Chumvi ya Masisi na chumvi ya Walikale: kwa nini depo mbili zenye kuuza sawasawa hazihitaji akiba sawa

Wengi wetu tukimaliza lisansi tunajikuta tunasimamia depo ya mtu: chumvi, sabuni, mbegu, dawa za mashamba. Swali la kwanza la patron ni lilelile: "Tuweke mifuko ngapi ya akiba ili tusiishiwe?" Wengi wanajibu kwa mazoea, eti "weka ya majuma mawili". Jibu hilo linaweza kuwa nyingi mno ku Masisi na kidogo mno ku Walikale. Tuone sababu kwa mfano mmoja. Hesabu ni za mfano, lakini hali ni ile munayoijua.

Msambazaji wa Goma ana depo mbili za chumvi, moja Masisi kati, ingine Walikale kati. Kila moja inauza kwa wastani mifuko 40 kwa juma. Mauzo yanapanda na kushuka: juma moja 28, lingine 52. Tukipiga ekatipe (yaani kipimo cha namu gani namba zinasambaa mbali na wastani), tunapata mifuko 10 kwa depo zote mbili. Kwa upande wa wateja, hizi depo ni mapacha.

Tofauti iko ku barabara. Muda wa kungoja unahesabiwa tangu siku ya kutuma komande mpaka siku mifuko inaingia depo, si siku ambayo gari imetoka Goma. Kutafuta gari, kupakia, kulala Sake, matope, bariere, vyote vinaingia. Kwa Masisi tuseme wastani ni juma 1, na ekatipe ni nusu juma. Kwa Walikale tuchukue safari 8 za mwisho kutoka ku kaye ya depo, kwa majuma: 2, 2, 2, 2, 3, 3, 4, 6. Jumla ni 24, kwa hiyo wastani ni 3. Toa wastani ku kila namba, zidisha tofauti kwa yenyewe, jumlisha: unapata 14. Gawanya kwa 7 (safari 8 kutoa moja), unapata 2. Kipeo chake cha pili ni 1,41. Hiyo njo ekatipe ya muda.

Sasa akiba ya usalama. Inalinda mambo mawili kwa pamoja: wateja kununua kuliko tulivyotazamia, na gari kuchelewa kuliko tulivyotazamia. Fomula ni hii:

```
AU = z × √( L × σd² + d² × σL² )
```

Hapo d ni mauzo ya wastani kwa juma, σd ni ekatipe ya mauzo, L ni muda wa wastani, σL ni ekatipe ya muda. Vyote viwe ku kipimo kimoja: kama mauzo ni kwa juma, muda pia uwe kwa juma. Ukichanganya siku na majuma, jibu halina maana. Herufi z inatoka ku kiwango cha huduma tunachokitaka. Kwa 95%, z ni 1,645.

Masisi: sehemu ya mauzo ni 1 × 100 = 100. Sehemu ya barabara ni 1600 × 0,25 = 400. Jumla 500, kipeo chake 22,4, mara 1,645 inatoa mifuko 37.

Walikale: sehemu ya mauzo ni 3 × 100 = 300. Sehemu ya barabara ni 1600 × 2 = 3200. Jumla 3500, kipeo chake 59,2, mara 1,645 inatoa mifuko 98.

Wateja walewale, mauzo yaleyale, lakini Walikale inaomba akiba zaidi ya mara mbili na nusu. Angalia vizuri ndani: kati ya 3500, barabara peke yake imeleta 3200. Mtu mwenye kuhesabu mauzo tu, bila kujali gari kuchelewa, angepata mifuko 29 ku Walikale, na angeishiwa mara kwa mara huku akisema wateja hawaeleweki. Kumbe wateja hawana kosa.

Komande inatumwa wakati chumvi iliyobaki, pamoja na ile iko njiani, inafika mauzo ya muda wa kungoja kujumlisha akiba. Masisi ni 40 + 37 = 77. Walikale ni 120 + 98 = 218. Wenye kutumia Excel ya Kifaransa, akiba ya Walikale inaandikwa hivi:

```
=LOI.NORMALE.STANDARD.INVERSE.N(0,95)*RACINE(3*10^2+40^2*1,41^2)
```

Je, 95% maana yake nini? Maana yake ni kwamba ku komande 20 tunatazamia moja tu ambamo chumvi itaisha mbele gari ifike. Haisemi kwamba wateja 5 ku 100 watarudi mikono mitupu. Ukiagiza mifuko 120 kila mara, upungufu wa wastani ku Walikale unakuwa mfuko mmoja na kidogo kwa komande, ni kama 1% tu. Basi usikimbilie 99%: z inakuwa 2,33 na akiba inapanda mpaka 138. Ni mifuko 40 zaidi, feza ya juma zima imelala ku depo. Kwa 90% ungeshika 76. Patron achague akijua bei ya kila hatua. Lakini njia ya bei nafuu zaidi iko kwengine: kama msafirishaji wa Walikale angekuwa wa kutegemewa, ekatipe ya muda ikashuka mpaka nusu juma, akiba ingeshuka kutoka 98 mpaka 44, hata kama safari inabaki majuma 3. Gari yenye kufika siku iliyosema inashinda gari ya mbio.

Fomula hii ina mipaka, na ku Masisi na Walikale tunaigusa haraka. Kwanza, kaye ya mauzo inadanganya. Juma ambalo depo ilikuwa tupu linaandikwa sifuri, lakini wateja walikuwepo. Toa majuma hayo ku hesabu, ama andika kila siku waliouliza na kukosa.

Pili, fomula inafikiri mauzo na barabara havijuani. Kwetu vinajuana: habari ya kwamba njia imefungwa ikifika soko, wenye butike wanakuja kununua mara mbili siku hiyohiyo. Kama kaye inaonyesha hivyo, 98 ni kidogo.

Tatu, kuchelewa na kufungwa ni vitu viwili. Mwaka 2025 vita vilifika Masisi kati na Goma mwezi wa kwanza, na Walikale kati mwezi wa tatu. Safari ya majuma 14 katika hali kama hiyo usiitie ku ekatipe pamoja na zile za matope. Itavimbisha akiba ya miezi yote, na bado haitatosha siku njia itakapofungwa kabisa. Kwa kufungwa, patron aamue kando: bidhaa gani inastahili kupanda ndege ndogo, pale ndege zinaruka, na gani inaweza kukosekana. Chumvi ni nzito na bei yake ni ndogo, haibebi nauli ya ndege. Mbegu za mboga zinaweza.

Basi, mbele ya kununua mfuko mmoja zaidi, anza kuandika tarehe mbili ku kila komande: ile ilitumwa na ile ilifika. Depo nyingi zinaandika ya pili tu, na bila ya kwanza hakuna ekatipe ya kupiga.